Swali Ndilo Lilidanganya, Si Mama wa Mtaani

Wasee, kuna maneno husemwa sana na watu wa utafiti na mimi nimekataa kuyameza: eti watu wa mtaani hudanganya ukiwauliza maswali. Mimi nimeshika tableti, nimebisha milango, nimefukuzwa na mbwa. Maoni yangu ni haya: mara nyingi aliyedanganya ni swali. Na swali halijiandiki.

Hii ilikuwa kabla sijaacha kampasi. Nilipata atachi kwa shirika fulani la utafiti hapa Nairobi, na kazi yangu ya kwanza ikawa kuandika hojaji fupi, isiyozidi dakika kumi, kuhusu maji katika mtaa mmoja wa mabati. Nikakaa usiku mmoja, nikashusha maswali 23. Nikajiona profesa kabisa. Swali la kwanza lilikuwa hili:

"Je, unakubali kwamba maji ya kioski ni ghali na machafu?"

Supavaiza hakunikosoa. Alinituma nikalijaribu kwa nyumba nane tu. Wote wanane wakasema ndiyo. Nikarudi nikitabasamu, matokeo ndio hayo. Akaangalia karatasi, akaniuliza, "Sasa ni ghali, ama ni machafu?" Manze, nilinyamaza.

Hebu tulivunjevunje hilo swali. Kwanza, ni maswali mawili ndani ya moja. Mtu anayeona maji ni ghali lakini ni safi atajibu nini? Atachagua upande mmoja kichwani, aseme ndiyo, na wewe hutawahi kujua ni upande gani. Dawa yake ni rahisi: ukiona "na" ama "au" katikati ya swali, simama, uangalie kama ni mambo mawili.

Pili, "unakubali kwamba" imeshamwambia jibu unalotaka. Weka picha: kijana wa kampasi amesimama mlangoni, ana beji shingoni, na mama ana mtoto mgongoni na sufuria motoni. Kukataa ni kazi. Itabidi aeleze, na pia atakuwa amekosea mgeni adabu. Kusema ndiyo kunamaliza mambo. Hiyo si kudanganya, hiyo ni heshima. Wewe ndiye umegeuza heshima yake ikawa namba kwenye ripoti yako.

Tatu, "ghali" ni nini? Kwa mwenye duka na kwa mfua nguo wa vibarua, hilo neno halina uzito mmoja. Ukitaka kujua bei, uliza bei: "Mtungi wa mwisho wa lita 20 ulionunua, ulilipa shilingi ngapi?" Hapo hakuna jibu zuri wala baya. Kuna shilingi tu, na ghali ama si ghali utaamua baadaye ukilinganisha na nyumba zingine.

Swali lingine lililoniaibisha lilikuwa, "Kwa kawaida mnatumia maji kiasi gani kwa siku?" Watu waliangalia juu, wakakisia, wakaniambia "kama mitungi kadhaa hivi." Nani huhesabu kawaida yake? Supavaiza akaniambia niulize siku ambayo mtu bado anaikumbuka. Likawa: "Jana, tangu mlipoamka mpaka mlipolala, mlileta mitungi mingapi ya lita 20 hapa nyumbani?"

Mama mmoja akaanza kuhesabu na vidole: miwili asubuhi, mmoja watoto walileta wakitoka shule, mmoja jioni kwa mzee wa mkokoteni. Minne. Nikamuuliza wangapi walilala hapo usiku huo na wanakula chungu kimoja. Watano. Sasa hesabu inaingia yenyewe: mitungi 4 mara lita 20 ni lita 80, gawanya kwa watu 5, ni lita 16 kila mtu. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika hutumia kwenye dharura kama kambi za wakimbizi, vinaanzia lita 15 kwa mtu kwa siku. Yaani nyumba iliyo katikati ya jiji iko lita moja tu juu ya kiwango cha dharura. Swali langu la kwanza lingeandika nini kuhusu huyo mama? "Ndiyo." Basi.

Umeona pia sikuuliza "familia yenu ni watu wangapi"? Nilijaribu hiyo, mzee mmoja akanihesabia hadi ndugu zake wa ushago. Hakukosea, familia yake ndiyo hiyo. Mimi ndiye nilikuwa nataka wanaolala hapo na kula pamoja, na sikusema hivyo.

Lakini hata swali la "jana" lina mipaka yake, nisiwadanganye. Kama jana ilikuwa Jumamosi na watu walikuwa wanafua, namba zitapanda. Kama mfereji ulikuwa umekauka, zitashuka. Kwa hivyo nyumba moja ikikupa jibu la jana, hujajua maisha yake, umejua jana yake. Dawa ni kugawanya nyumba zako katika siku zote za wiki, usiende Jumapili peke yake kwa sababu ndio siku uko huru. Ukiona namba za Jumatatu zote ziko juu kuliko za Alhamisi, jua umepima kufua, hujapima maji.

Na kuna kosa ambalo halimo hata kwenye maswali. Nilikuwa nabisha naanza, "Tunataka kusaidia mtaa upate maji." Unafikiri mtu atajibu vipi baada ya hapo? Atakupa hali mbaya zaidi ili mfereji uje kwake, na mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Mbaya zaidi, umeahidi kitu ambacho huna. Nikabadilisha: "Habari yako mama. Ninauliza watu wa hapa wanavyopata maji. Si lazima ujibu, na unaweza kuniambia niache wakati wowote. Sina maji wala pesa ya kuleta." Wengine walifunga mlango. Sawa tu. Waliobaki walinipa majibu ya kweli.

Mwisho, jinsi ya kujua swali limeiva. Usimuulize mtu "umeelewa?" maana atasema ndiyo tena. Akishajibu, mwambie, "Hebu nielezee umefikaje kwa hiyo namba." Nilivyofanya hivyo niligundua dada mmoja alikuwa anahesabu mitungi ya lita 10 kama ya lita 20. Nikaanza kumwomba kila mtu anionyeshe mtungi. Dakika moja zaidi, kosa nusu kwa nusu limeisha.

Maswali yangu 23 yalibaki tisa. Kila swali lililokatwa lilikatwa kwa sababu moja: nilishindwa kusema jibu lake litatumika wapi. Hayo tisa ndiyo yaliingia uwanjani, na hakuna hata moja lililoanza na "unakubali".

Kwa hivyo ukienda atachi na ukipewa hojaji uandike, kabla hujasema watu wanadanganya, jiulize swali lako mwenyewe kwa sauti ukiwa na njaa, mlangoni, mtoto analia. Kama jibu rahisi zaidi ni "ndiyo", rudi ukaliandike upya. Yule mama alikuwa na lita 16 za kuniambia. Nilikaribia kuondoka na neno moja tu.