Mtoto Kahitimu, Lakini Amesoma?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Likizo kubwa ikifika, hapa kwetu Mutanga Nord hazipiti wiki mbili bila kualikwa mahali kuwa mtoto wa fulani amehitimu Msahafu. Turubai linafungwa uani, pilau ya mbuzi inapikwa, wageni wanateremka na wengine wanapanda kutoka Buyenzi, na mtoto anakalishwa mbele na kanzu mpya. Ni jambo la furaha na hatuna nia ya kulipiga vita. Imepokewa na Ad-Darimi kuwa Anas bin Malik (R.A) alipokuwa akihitimu Qur'ani alikuwa akikusanya wanawe na watu wa nyumba yake akawaombea dua. Chakula na zawadi ni desturi tu, na kila nchi ina yake. Wamalay wanapika wali wa manjano, na Wayoruba wa Nigeria wanaiita walimatul Qur'ani. (Sisi wenyewe neno hitima tumelizoea zaidi msibani, ndiyo maana bibi mmoja alipopokea kadi aliuliza kwanza nani amefariki.)

Tunalotaka kulisema leo ni hilo la kusoma hadharani.

Kwa kawaida mtoto anasomeshwa kuanzia Wadh-dhuha hadi An-Nas, sura 22 fupi, na watu wanaleta takbir baina ya sura na sura. Kisha anasoma Al-Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara mpaka "al-muflihun", kuonyesha kuwa aliyemaliza ameanza tena, halafu inafuata dua ya kuhitimu. Utaratibu huu ni mzuri na ni wa zamani. Lakini tukumbuke vyuo vyetu vinasomesha vipi. Mtoto anaanza na alifu, anaingia juzuu Amma kutoka An-Nas, na kutoka hapo anapanda juzuu kwa juzuu kuelekea mbele ya Msahafu, mpaka afike Al-Baqara. Kwa hiyo zile sura 22 ndizo alizojifunza mwanzo kabisa, pengine akiwa na miaka mitano, na anazijua kwa moyo. Akizisoma vizuri mbele ya watu mia, hajatuonyesha kuwa amehitimu. Ametuonyesha kuwa alianza.

Ugumu uko upande mwingine, kwenye Al-Baqara, Aali Imran, An-Nisaa na zinazofuata, zenye aya ndefu ambazo mtoto hazisikii msikitini kila siku. Huko ndiko haraka inakoingia. Mwalimu anasoma, mtoto anaitikia, ukurasa unafunuliwa, na Msahafu "unaisha".

Mwaka mmoja tulihudhuria karamu ya binti wa miaka kumi, nyumba haiko mbali na kwetu. Majina tunayaacha. Baba alikuwa ameweka tarehe ya Agosti kwa sababu kaka yake alikuwa anakuja kutoka Ulaya. Binti alisoma sura zake fupi, watu wakalia kwa furaha. Basi mzee mmoja katika wageni, kwa nia njema tu, akafungua Msahafu kwenye An-Nisaa akamwambia, "Mjukuu wangu, tusomee na hapa." Binti alitazama ukurasa, akasema neno la kwanza, akanyamaza. Mama yake akaanza kumnong'oneza. Mtoto akalia, na safari hii si kwa furaha. Keki ilikatwa, lakini kila mtu alikuwa akiangalia sahani yake.

Mzee hakukosea kuuliza, ila mahali hapakuwa pake. Swali lile lilitakiwa liulizwe chumbani, wiki tatu au nne kabla ya kadi kuandikwa, na liulizwe na ustadhi asiyekuwa mwalimu wa mtoto. Na njia yake ni nyepesi, hata mzazi anayesoma kidogo anaiweza.

Fungua mahali pasipozoeleka katika juzuu kumi za mwanzo. Usimwambie mtoto aanze mwanzo wa ukurasa, mwekee kidole katikati ya aya. Mtoto anayesoma kwa macho ataanza polepole, atakosea shadda au madda, lakini atakwenda. Mtoto aliyeshika kwa sikio hawezi kuingia katikati. Utamwona anarudi mwanzo wa aya kutafuta wimbo, na asipoupata anasimama. Tena mwangalie macho: akisoma haraka huku anatazama dari, hasomi Msahafu, anasoma kumbukumbu.

Pia kuna kipimo cha upande wa pili, cha kujua kama amesoma kwa mwalimu au ameunganisha herufi peke yake. Mpe Surat Hud, aya ya 41. Neno linaloandikwa kama "majraha", kwa kisomo cha Hafs tunachosoma sisi linatamkwa "majreeha". Hakuna mtoto atakayeligundua hilo kwa akili zake, lazima alisikie mdomoni kwa mwalimu. Na kwa watoto wetu wanaozungumza Kirundi nyumbani na Kifaransa shuleni, sikiliza ra na lam zisibadilishane, na qaf isiwe kaf, maana "qalb" ni moyo na "kalb" ni mbwa.

Je, akishindwa? Basi hajahitimu bado, na si aibu. Tufanye hesabu. Msahafu wa Madina una kurasa 604, takriban kurasa 20 kwa juzuu. Juzuu kumi za kurudia ni kama kurasa 200. Ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 40. Yaani shughuli inasogea mwaka mmoja tu. Ami atakuja tena Insha-Allah.

Nukta ya mwisho ni ya mwalimu. Huku kwetu wengi tunamleta ustadhi nyumbani, anapanda kutoka mjini jua kali, analipwa kwa mwezi, na mwezi mwingine tunasahau. Siku ya karamu mtoto anapewa saa, baiskeli na bahasha, mwalimu anaondoka na pilau kwenye mfuko wa plastiki. Mtume (S.A.W) amesema, kama ilivyo katika Bukhari, kuwa kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Allah. Mwalimu anayejua kuwa atalipwa mtoto "akimaliza" tu, naye atakuwa na haraka ya kumaliza. Mlipe kila mwezi kikamilifu, na zawadi yake ya kuhitimu iwe kubwa kuliko keki.

Yule binti alirudishwa An-Nisaa kimya kimya, ukurasa kwa siku. Ilichukua zaidi ya mwaka, maana kulikuwa na mitihani na malaria. Safari ya pili hapakuwa na turubai. Tulikuwa kama watu kumi na wawili sebuleni, na yule mzee alikuwemo, mtoto mwenyewe alitaka aitwe. Alimpa Msahafu afungue anapopenda. Mzee akafungua Al-Maida, akaweka kidole katikati ya aya. Binti alisoma ukurasa mzima, alikosea mara mbili, na mara zote mbili alijirudi mwenyewe. Kisha zikaja sura fupi na takbir, Al-Fatiha, Al-Baqara mpaka al-muflihun, na dua. Tukanywa chai kwa mandazi, ustadhi akavishwa kanzu.

Wabillahi tawfiq.