Tukague Kalori za Kwenye Lebo

Tuseme tumeshika kopo la siagi ya karanga. Lebo yake yaeleza kwamba gramu 100 zina protini gramu 25, mafuta gramu 50 na wanga gramu 20, nazo zinatoa kalori 380. Je, ni sawa?

Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, ya wanga 4 pia, lakini ya mafuta 9. Basi tuzidishe: protini 100, mafuta 450, wanga 80. Jumla ni 630. Pamepungua 250! Huenda mwenye kuhesabu aliyapa mafuta 4 badala ya 9. Anayejaribu kupunguza unene akiiamini lebo hiyo, atakula kupita kiasi bila kujua.

Lebo ikisema 615, tusiilaumu. Nyuzinyuzi zilizohesabiwa pamoja na wanga hutoa kalori 2 hivi tu kwa gramu. Ikisema 2,636, tutazame kipimo: hizo ni kilojuli, na kalori moja ni kilojuli 4.184. Lakini tofauti kubwa isiyo na sababu kama hizo, tumwulize mwenye duka kabla ya kulipa.