Ukiuza ankara, uliza kwanza hasara ni ya nani

Tarehe 13 Machi 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wa bati wa Bisie, Walikale, kwa sababu waasi wa M23 walikuwa wakisonga mbele. Kazi ilianza tena Aprili. Wafanyabiashara wa Walikale na Masisi wanaotoa mzigo leo na kulipwa baada ya siku 60 wana la kujifunza hapo.

Tuchukue mfano. Umepelekea mgodi chakula cha dola 10,000. Mnunuzi wa ankara anakupa 8,000 papo hapo. Siku ya malipo, mgodi unamlipa yeye 10,000. Anakata ada yake, tuseme 600, na kukumalizia 1,400.

Hatari imo katika kifungu kimoja. Mkataba ukimpa mnunuzi haki ya kukurudia, mgodi usipolipa wewe ndiwe utakayerudisha zile 8,000, nawe umeshazinunulia mafuta na mzigo mwingine. Mkataba usio na haki hiyo una ada kubwa zaidi, lakini mdaiwa akifilisika, hasara si yako.

Mahali ambapo vita vinaweza kumfunga mdaiwa kwa siku moja, ada ndogo isikudanganye. Soma kifungu hicho kabla ya kutia saini.