Usimwambie mtu aliyetolewa kizazi "vumilia tu"

Hii itaudhi maanti kadhaa lakini wacha niiseme. "Vumilia" ni ushauri mbovu kwa mtu aliyetolewa kizazi, kwa sababu haumwambii avumilie nini.

Anti yangu alipasuliwa mwaka huu juu ya faibroidi, kizazi kikatolewa chote. Wiki ya kwanza mshono uliuma, gesi ikamsumbua, akikohoa anakandamiza mto tumboni. Hiyo ni kawaida, bora kila siku ipungue kidogo. Maumivu yakishaanza kupungua halafu yarudi na nguvu, ama joto la mwili lifike 38, ama atokwe na uchafu unaonuka, hapo si kuvumilia tena.

Siku ya 10 aliona damu kidogo na nyumba nzima ikashtuka. Kumbe nyuzi za ndani huyeyuka kama wakati huo, na matone mekundu au ya kahawia hutokea. Damu ya kukimbiza mtu hospitali ni ile inajaza pedi kwa saa moja, ama inatoka na mabonge.

Sasa siku ya 13 ndiyo yakaja maji. Mepesi, hayana maumivu, yanatoka mchana na usiku hata akilala. Jirani akasema ni maji ya kidonda, yataisha. Anti akanusa pedi, ikanuka mkojo. Akaenda.

Kipimo chenyewe ni simple vile huwezi amini. Waliweka pamba ukeni, wakajaza kibofu maji yenye rangi ya bluu, wakangoja. Pamba ikatoka bluu, kumaanisha kibofu kina tundu linalovujia ukeni. Hiyo ndiyo fistula, ile wengi wetu tunadhani hupatikana kwa kujifungua pekee. Pamba ingelowa bila kuwa bluu, wangeshuku mrija unaoshusha mkojo kutoka kwa figo. Huo ukiumia, mtu anaweza kuumwa ubavuni na kupata homa, na figo inaweza kuharibika watu wakingoja.

Anti aliwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa ili kibofu kikae kitupu. Tundu dogo likipatikana mapema linaweza kujifunga hivyo. Lisipojifunga, ni kupasuliwa tena kulishona.

Kinachoniuma ni ile karatasi alipewa akitoka wodi. Iliandikwa dawa zake na "rudi baada ya wiki 6". Wiki 6 za kufua leso usiku watu wasijue, manze! Laini moja tu ingetosha: ukilowa bila kujizuia, rudi leo.

Kama mathe wako ametoka hospitali wiki hii, muulize kama pedi ya asubuhi ilikuwa imelowa, na inanuka nini. Mtaona haya nyote wawili. Uliza tu.