Salio la kwenye simu siyo lote la kwako

Wafanyabiashara wenzangu wa Nyamagana, kama unalipa kwa hundi, mimi naona kuangalia salio kwenye simu halafu kukimbilia Makoroboi kufunga mzigo ni hatari.

Chukulia umefunga mwezi. Daftari lako linasema benki una 2,765,000, taarifa ya benki inasema 3,150,000. Usishangilie hiyo ziada. Hundi ya 800,000 uliyompa msambazaji wa Igoma bado hajaipeleka benki, kwa hiyo hela hiyo ni yake. Na hundi ya mteja ya 400,000 uliyoipeleka benki siku ya mwisho haijaingia bado. Sasa anza na ya benki: 3,150,000 jumlisha 400,000, toa 800,000. Inabaki 2,750,000.

Daftari limezidi 15,000. Pitia taarifa mstari kwa mstari, utakuta ni makato ya benki ambayo hukuyaandika. Yatoe, na daftari nalo linakuja 2,750,000.

Wengi wanachanganya hapa: kinachoandikwa upya kwenye daftari ni makato tu. Hundi zote mbili zilishaandikwa, wewe zitie tiki zikitokea kwenye taarifa ya mwezi unaofuata. Ya mteja ikichelewa kuingia, nenda tawini uulize, huenda imekataliwa.

Ukiamini simu ukafunga mzigo wa milioni 3, msambazaji akifika benki hundi yake inagonga mwamba. Safari ijayo atataka keshi mkononi.