Bawaba "Isiyo na Kazi"

Mwandishi mmoja anadai kwamba mkono wa mshazari ndio unaobeba kibao cha duka, hivyo bawaba ya ukutani inatoshwa na skrubu mbili. Ajaribu kwenye Barabara ya Sokoine, Arusha, asimame chini ya kibao hicho.

Kibao cha kilo 20 ni takriban nyutoni 200. Tuseme kitovu chake kiko sentimita 60 kutoka ukutani, na mkono umeshika kutoka chini boriti ya mlalo inayokibeba (uzito wake tuusahau) kwenye sentimita 40, kwa nyuzi 30 kutoka mlalo. Sawazisha momenti kwenye bawaba:

C × sin 30° × 40 = 200 × 60

Mkono unabanwa kwa nyutoni 600. Basi unasukuma boriti nje kwa 520, na nani anairudisha? Bawaba ileile! Tena mkono unainua 300 dhidi ya 200, hivyo bawaba inavuta chini 100. Jumla ni karibu 530, nyingi zikizing'oa skrubu ukutani.