Kigimbi hakisomi ratiba ya ligi

KUNA beki mmoja wa kulia wa timu ya mtaani hapa Kishapu, kijana wa miaka 23, ambaye ameniudhi na kunifundisha kwa wakati mmoja. Jina lake naliacha. Siku ya kwanza aliumia asubuhi na mapema, kwenye mbio za barabarani nje kidogo ya Mhunze. Walikuwa wamekimbia kama kilomita nne, kocha akapiga filimbi wamalizie kwa kasi, na hatua ya tatu au ya nne tu kijana akageuka nyuma kuangalia nani kamrushia jiwe. Hakukuwa na mtu wala jiwe. Kilikuwa kigimbi cha kushoto.

Aliyewahi kuchanika nyuzi za kigimbi anaijua hiyo hadithi ya jiwe. Wengine husema wamepigwa teke. Mara nyingi unaoumia ni msuli wa juu, ule unaotuna ukichuchumia, na huumia upande wa ndani wa mguu. Chini yake kuna msuli mwingine bapa, ambao huwa hauna kishindo: unakaza polepole, siku ya pili unakaza tena, mpaka siku moja unakataa kabisa.

Sasa angalia tulichomfanyia. Kwanza aliambiwa ajikaze amalizie mbio, naye akamalizia kwa kuchechemea. Jioni akachemshiwa maji, akakandwa, halafu mzee mmoja akamkamua kigimbi kwa dawa ya kuchua mpaka kijana akatokwa machozi. Wote walikuwa na nia njema, nalijua hilo. Ila nyuzi zikichanika damu inavuja ndani. Ukipasha moto na kukamua saa hiyohiyo, unaongeza kuvuja. Siku ya tatu mguu ulikuwa na wekundu mweusi uliotelemka mpaka kwenye kifundo.

Alichohitaji siku ile kilikuwa rahisi mno. Kuacha kukimbia palepale na kurudishwa kwa bodaboda. Bendeji ya kuvutika, ianzie kwenye vidole kupanda mpaka chini ya goti, iwe ya kubana bila kuua ganzi. Mguu uinuliwe juu ya mto, upite usawa wa moyo. Barafu ya dukani iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, isiguse ngozi moja kwa moja. Kwa siku mbili tatu hakuna moto, hakuna kuchua, hakuna kuuvuta msuli kwa nguvu, na hakuna pombe. Kuanzia siku ya pili angeweza kukunja na kukunjua kifundo taratibu akiwa amelala, asifike kwenye maumivu. Na kwa kutembea, kipande cha boksi kilichokatwa na kuwekwa chini ya visigino, viatu vyote viwili, kinampunguzia msuli kuvutwa.

Kuna mambo mawili hayasubiri barafu. Mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, ukibane kigimbi kwa mkono. Unyayo lazima usogee. Usiposogea, huenda ni kano kubwa ya kisigino iliyokatika, na hiyo ni ya hospitali leo, siyo kesho. Pia mguu unaovimba na kupata joto bila mtu kukumbuka aliumia wapi unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Huo usiuchue hata kidogo. Akianza kubanwa kifua au kupumua kwa shida, msikae kujadili.

Turudi kwa beki wetu. Siku ya 10 alikuwa anatembea vizuri. "Kocha, imepona," akasema, na Jumamosi akapangwa kwenye ndondo. Hata dakika 20 hazikufika. Alimfukuza winga, akashika kigimbi kilekile, na safari hii hakuinuka.

Hapa ndipo nina ugomvi na makocha wetu. Maumivu ya kigimbi huondoka kabla msuli haujapona. Kutembea hakuuombi msuli kile unachoombwa na mbio za kasi. Halafu tunahesabu siku kwa sababu ligi ina tarehe. Hata wakubwa wamekosea hapa. Kevin Durant, wakati huo nyota wa kikapu wa Golden State, aliumia kigimbi Mei 8, 2019. Akarudi Juni 10 kwenye fainali, akacheza kama dakika 12, kano ya kisigino ikakatika mguu uleule. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba jeraha la kwanza ndilo lililoleta la pili. Ila timu ile haikukosa daktari wala mashine.

Mara ya pili kijana alikubali kusikiliza, tukaacha kalenda. Sharti la kwanza lilikuwa kutembea nusu saa kwenye barabara tambarare bila kuchechemea. Lilichukua wiki mbili. Wakati huo alikuwa anachuchumia (siyo kuchuchumaa, jamani) kwa miguu yote miwili ameshika ukuta, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa kidogo, ili misuli yote miwili ifanye kazi. Kisha akahamia mguu mmoja. Mguu mzima ulipiga 24. Ule mbovu ulikwama kwenye 9, na hapo alikuwa ameshaniapia kwamba haumi. Hiyo 9 ndiyo iliyomnyamazisha, mimi sikuongeza neno.

Alipofika 20, na akaweza kurukaruka kwa mguu huo bila kuogopa, akaanza kukimbia: dakika moja mchakamchaka wa taratibu, dakika mbili kutembea, mara nane. Siku moja anakimbia, siku moja anapumzika. Watu hudhani mbio za taratibu ni mteremko kwa kigimbi, kumbe ule msuli wa chini hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili katika kila hatua. Kipimo kilikuwa asubuhi ya pili. Maumivu madogo, mawili kwa kumi, yakiisha kabla ya kulala, sawa. Akiamka mguu umekaza, anarudi hatua moja. Alirudi mara moja, wiki ya nne, baada ya kukimbilia uwanja uliokauka na kupasuka kama mnavyoujua udongo wetu wa mbuga wakati wa kiangazi.

Alipokimbia dakika 20 mfululizo ndipo tukagusa kasi. Mita 80, nusu ya nguvu zake, anapandisha taratibu na kushuka taratibu. Siku nyingine robo tatu. Kuondoka ghafla, kusimama ghafla na kugeuka vilikuja mwisho kabisa, kwa sababu hapo ndipo kigimbi huchanika. Kisha wiki nzima ya mazoezi kamili na wenzake kabla ya mechi.

Jumla wiki saba. Jeraha dogo lingeweza kuchukua mbili au tatu, na la kwake la kwanza nadhani lilikuwa la aina hiyo. Kocha mmoja aliniambia mambo haya ni ya timu zenye fiziotherapia, siyo sisi. Nikamuuliza ukuta, bendeji na saa ya simu vinauzwa bei gani pale Mhunze.

Jumamosi iliyopita beki alianza. Dakika ya 60 akanyoosha mkono mwenyewe kuomba kutoka, benchi likaguna. Jumapili asubuhi nilimpigia.

"Umeamkaje?"

"Salama mjomba. Nimeshachuchumia 22."